Kahawa Ikiwa Bado Mtini: Namna ya Kuchagua na Kuandika Masuala Muhimu ya Ukaguzi

Fungua ripoti ya mkaguzi ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Baada ya maoni na msingi wa maoni utakuta sehemu ya masuala muhimu ya ukaguzi. Hapo mkaguzi anamweleza mwenye hisa ni wapi kwenye hesabu hizi kazi ilikuwa ngumu kuliko kwingine, kwa nini ilikuwa ngumu, na yeye alifanya nini. Sehemu hiyo ililetwa na kiwango cha kimataifa cha ISA 701, kwa hesabu za vipindi vilivyoishia tarehe 15 Desemba 2016 au baada yake. Kabla ya hapo mwenye hisa aliambulia maoni tu. Akisikia hati inaridhisha, habari imeishia hapo.

Nawaandikia wakaguzi vijana, hasa mnaotoka Chuo cha Uhasibu pale Njiro, mkaajiriwa kwenye ofisi za ukaguzi hapa Arusha na msimu wa kwanza tu mkakabidhiwa rasimu ya sehemu hii muiandike. Wengi huchukua ya mwaka jana, wakabadilisha tarehe na tarakimu, wakampelekea patna. Nataka nionyeshe njia nyingine, kwa mfano mmoja tutakaoufuata tangu mwanzo hadi saini. Kampuni ya mfano ni ya kubuni na tarakimu zake ni za kubuni pia, ila mambo inayokutana nayo ni ya kweli kwa mtu yeyote aliyewahi kukagua mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro.

Kampuni yenyewe

Kampuni ina makao Moshi, hisa zake zinauzwa sokoni, na ina hekta 500 za arabika iliyokomaa kwenye miteremko ya mlima. Vitalu vingine viko chini kwenye joto, vingine viko juu kwenye ubaridi. Mwaka wake wa hesabu unaisha tarehe 30 Juni. Tarehe hiyo ndiyo chanzo cha kazi yote, kwa sababu mavuno ya Kilimanjaro huanza takribani Julai. Siku ya kufunga hesabu, mazao karibu yote ya msimu yananing'inia mtini.

Miti yenyewe haisumbui. Tangu mwaka 2016 miti izaayo imewekwa chini ya IAS 16 kama mitambo na majengo, inachakaa mwaka hadi mwaka. Matunda yaliyo mtini ndiyo yaliyobaki chini ya IAS 41, na hayo yanapaswa kupimwa kwa thamani ya haki ukitoa gharama za kuuza. Kwa maneno mengine, menejimenti inatakiwa kusema tarehe 30 Juni kwamba tunda ambalo halijachumwa, halijakobolewa wala kuuzwa lina thamani ya shilingi kadhaa, na mabadiliko ya thamani hiyo yanaingia moja kwa moja kwenye faida.

Hesabu ya menejimenti ilikwenda hivi. Hekta 400 zitatoa kilo 1,300 za kahawa safi kwa hekta. Hekta 100 za juu, zilizopigwa na ugonjwa wa chule buni baada ya masika kuwa marefu, zitatoa kilo 800. Jumla ni kilo 600,000. Bei ni shilingi 10,000 kwa kilo, na gharama zilizobaki za kuchuma, kukoboa, kusafirisha na kuuza ni shilingi 4,000. Kinachobaki ni shilingi 6,000 kwa kila kilo, sawa na bilioni 3.6. Muda hadi mauzo ni miezi michache, kwa hiyo punguzo la riba tuliache pembeni. Faida kabla ya kodi ni bilioni 4, na sisi tuliweka kiwango chetu cha uzito, yaani kosa ambalo likizidi hapo linaweza kubadilisha uamuzi wa msomaji, kwenye asilimia 5 ya faida hiyo, ambayo ni milioni 200.

Hatua ya kwanza: anza na yale uliyozungumza na kamati

Masuala haya hayatungwi siku ya kuandika ripoti. ISA 701 inasema yanachaguliwa kutoka kwenye mambo ambayo mkaguzi amekwisha kuyawasilisha kwa bodi, ambayo kwa kampuni ya soko la hisa kwa kawaida ni kamati yake ya ukaguzi. Jambo ambalo kamati haijawahi kulisikia kutoka kwako haliwezi kuwa suala muhimu. Ukiona linastahili kuwa, basi una deni la kwenda kulizungumza nao kwanza.

Kwa hiyo chukua taarifa uliyoipeleka kwa kamati wakati wa kupanga kazi, chukua ya mwisho, chukua na muhtasari wa vikao. Kwa kampuni yetu ya Moshi yalitoka mambo sita: thamani ya matunda mtini, mapato ya mauzo, uwezekano wa menejimenti kupindua udhibiti wa ndani, mfumo mpya wa kihasibu ulioanza katikati ya mwaka, madai ya marejesho ya VAT, na upangishaji wa kitalu kimoja ambao muda wake unakaribia kwisha.

Zoezi hili lianze mapema, tangu mnapanga kazi. Patna akiwaambia kamati mwezi Mei kwamba matunda mtini huenda yakaingia kwenye ripoti, mwezi Septemba hakuna atakayeshtuka. Akiwaambia siku tatu kabla ya bodi kupitisha hesabu, utaandika rasimu huku mkurugenzi wa fedha amesimama mlangoni.

Hatua ya pili: uliza ni yapi yaliyohitaji umakini mkubwa

Kiwango kinakutaka uangalie mambo matatu. Kwanza, maeneo yenye hatari kubwa ya makosa ya uzito. Pili, maeneo ambayo menejimenti ilitumia maamuzi mazito, pamoja na makadirio yenye mashaka makubwa, yakakulazimisha na wewe kuamua. Tatu, matukio au miamala mikubwa ya mwaka huo.

Hapa ndipo vijana wengi hujikwaa. Wanaona eneo limeandikwa kwenye faili kuwa ni hatari kubwa, wanalihamishia kwenye ripoti. Mapato ni mfano mzuri. Viwango vinakutaka udhanie kwamba kwenye mapato kuna hatari ya udanganyifu, na kupindua udhibiti kunachukuliwa kuwa hatari kubwa kwenye kila kampuni duniani. Tukiyaandika hayo kwa sababu hiyo tu, kila ripoti itafanana na mwenzake na mwenye hisa hatajifunza chochote kuhusu kampuni yake. Kampuni yetu inauza kwa miamala michache, mingi ikipitia mnada wa kahawa wa Moshi ulio chini ya usimamizi wa Bodi ya Kahawa Tanzania. Kila mauzo yana ankara, yana karatasi za mnada, yana fedha iliyoingia benki. Tulijaribu, tukamaliza, hatukubishana na mtu. Mapato yakatoka kwenye orodha, pamoja na kupindua udhibiti.

Niongeze jambo hapa kwa sababu litawagusa karibuni. ISA 240 iliyorekebishwa, itakayotumika kwa vipindi vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2026 au baadaye, inamtaka mkaguzi ayape masuala ya udanganyifu nafasi yake waziwazi anapochagua. Haisemi kila hatari ya kudhaniwa iingie kwenye ripoti. Inakutaka uwe umeifikiria, na ukiiacha sababu yako iwe imeandikwa.

Mfumo mpya wa kihasibu ulinipa taabu kuutoa. Ulikula saa nyingi za vijana wetu, wakilinganisha salio la zamani na jipya akaunti kwa akaunti. Saa nyingi ni dalili, na kiwango chenyewe kinasema uangalie ukubwa wa kazi. Lakini kulinganisha salio mbili ni kazi ndefu isiyo na ubishi ndani yake. Mwisho wa siku zinalingana au hazilingani. Zililingana, na mfumo ukatoka.

Hatua ya tatu: kati ya hayo, yapi yalikuwa mazito kuliko yote

Yalibaki matatu: matunda, VAT na upangishaji. Hapa hakuna fomula. Mimi hujiuliza maswali mawili. Ni jambo gani lilimfanya patna achukue simu na kumtafuta mtu mwenye utaalamu kuliko sisi? Na ni wapi, kama tungekuwa na mawazo tofauti kidogo tu, hesabu zingebadilika kiasi cha mwenye hisa kujali?

Swali la pili linajibiwa kwa kikokotoo. Bei ikishuka kwa asilimia 10, shilingi 1,000 inaondoka kwenye kila kilo. Kwa kilo 600,000 hiyo ni milioni 600, mara tatu ya kiwango chetu cha uzito. Mavuno yakishuka kwa asilimia 10, tunapoteza kilo 60,000 kwa shilingi 6,000, yaani milioni 360. Makadirio mawili, na lolote kati yake likiyumba kidogo linatuvusha mpaka. Madai ya VAT yalikuwa milioni 250, mengi ya mwaka huohuo, na kampuni ilikuwa na historia ya kulipwa. Tuliyajaribu kwa uzito wake, ila hayakutukosesha usingizi.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye zile hekta 100 za juu. Ukaguzi ulifanyika Agosti na Septemba, mavuno yakiwa yameanza, na mtu anaweza kusema: chukua kumbukumbu za mavuno, linganisha na makadirio, kazi imekwisha. Ni ushahidi mzuri kweli, kwa sababu unaonyesha kilichokuwa mtini tarehe 30 Juni, mradi hakuna janga jipya lililopita katikati. Lakini kahawa huiva chini kwanza. Hadi Septemba mapema vilivyokuwa vimechumwa sana ni vitalu vya joto. Chule buni nayo hupenda juu kwenye ubaridi na unyevu. Kwa hiyo ushahidi rahisi ulikuwa unatoka pale ambapo ugonjwa haukuwa tatizo, na pale penye ugonjwa matunda yalikuwa bado ya kijani. Mkaguzi asiyejua shamba angelinganisha mavuno ya vitalu vya chini, akaona yanalingana na kilo 1,300, akaweka tiki kwenye zote 500.

Ikabidi twende juu na mtaalamu wetu wa kilimo. Tulichagua vitalu wenyewe, si vile ambavyo meneja wa shamba alitaka kutupeleka. Mtaalamu alihesabu matunda kwenye matawi ya miti iliyochaguliwa, akatenganisha mazima na yenye madoa meusi yaliyodidimia, akarudi na makadirio ya kilo 600 hadi 800 kwa hekta. Menejimenti ilikuwa juu kabisa ya wigo huo. Tofauti ya kilo 200 kwenye hekta 100 ni kilo 20,000, sawa na milioni 120. Peke yake iko chini ya milioni 200, lakini ikiegemea upande mmoja na bei nayo ikiegemea upande huohuo, hauko salama tena. Ndiyo maana tulitazama makadirio yote kwa pamoja, tukitafuta kama yanaelekea upande mmoja, badala ya kupitisha moja moja.

Bei nayo ilikuwa na utata wake. Tarehe 30 Juni kahawa ya msimu mpya bado haijafika mnadani, kwa hiyo hakuna bei ya siku hiyo ya kuchukua na kuweka. Menejimenti ilianza na bei ya arabika kwenye soko la New York, ikaongeza nyongeza ya ubora wa Kilimanjaro. Bei ya New York mtu yeyote anaiona. Nyongeza ndiyo ya kubishaniwa, na tuliipima kwa matokeo ya mnada wa Moshi wa msimu uliopita, daraja kwa daraja, dhidi ya New York ya siku zilezile.

Matunda yakawa suala muhimu bila ubishi. Upangishaji nitaurudia, kwa sababu una mtego wake.

Hatua ya nne: andika mambo matatu, na yawe ya kampuni hii

Chini ya kichwa chake, kila suala linahitaji rejea ya maelezo ya hesabu yanayohusika, sababu ya kulichagua, na namna lilivyoshughulikiwa. Juu ya yote kunakuwa na utangulizi unaosema kwamba haya ndiyo mambo yaliyokuwa mazito zaidi kwa uamuzi wetu wa kitaaluma, kwamba tumeyashughulikia katika muktadha wa hesabu zote kwa pamoja, na kwamba hatutoi maoni ya peke yake juu yake. Utangulizi huo unatoka kwenye kiwango. Usiubunie maneno mapya.

Rasimu ya kwanza niliyoletewa ilikuwa hivi:

*"Thamani ya mali za kibiolojia. Kampuni ina mali za kibiolojia ambazo thamani yake inategemea makadirio makubwa ya menejimenti. Tuliona hili ni suala muhimu kwa sababu ya ukubwa wa kiasi na makadirio yanayohusika. Tulipitia makadirio ya menejimenti, tulijaribu udhibiti wa ndani na tulihakiki usahihi wa kimahesabu. Tumeridhika kwamba thamani iliyoonyeshwa ni sahihi."*

Isome tena ukiwa umefikiria kampuni ya chai, au ya miti ya mbao. Inafaa kote, na hilo ndilo kosa lake kubwa. Neno kahawa halimo, ugonjwa haumo, mlima haumo. "Ukubwa wa kiasi" si sababu tosha, maana fedha taslimu nayo inaweza kuwa kubwa na isiwe na ugumu wowote. "Tulipitia makadirio" haimwambii msomaji tulifanya nini. Rejea ya maelezo ya hesabu hakuna. Na sentensi ya mwisho ni hatari kuliko zote, kwa sababu tumetoa maoni ya peke yake juu ya mstari mmoja wa mizania, kitu ambacho utangulizi umetoka kusema hatufanyi.

Baada ya kuiandika upya ikawa hivi. Naitoa kwa Kiswahili. Ripoti yako ikiwa kwa Kiingereza mpangilio haubadiliki.

*"Thamani ya matunda ya kahawa yaliyokuwa mtini tarehe 30 Juni. Angalia maelezo namba 4 na namba 14 ya hesabu.*

*Kampuni hupima matunda yaliyo mtini kwa thamani ya haki ukitoa gharama za kuuza, na tarehe 30 Juni thamani hiyo ilikuwa shilingi bilioni 3.6. Thamani inategemea zaidi makadirio mawili ya menejimenti: mavuno kwa hekta, na bei itakayopatikana kwa kahawa ambayo ilikuwa bado haijafika mnadani. Mwaka huu makadirio ya mavuno yalikuwa magumu zaidi kwa sababu sehemu ya vitalu vya juu ilishambuliwa na chule buni, na matunda ya vitalu hivyo yalikuwa hayajaiva wakati wa ukaguzi wetu. Mabadiliko madogo kwenye lolote kati ya makadirio haya yangebadilisha thamani kwa kiasi kikubwa.*

*Tulilinganisha makadirio ya mavuno ya mwaka uliopita na mavuno halisi. Kwa vitalu vilivyokwisha kuanza kuvunwa, tulilinganisha makadirio na kumbukumbu za mavuno baada ya tarehe 30 Juni. Kwa vitalu vilivyoshambuliwa, tulimtumia mtaalamu wa kilimo aliyehesabu matunda kwenye sampuli tuliyoichagua sisi, na tukalinganisha matokeo yake na makadirio ya menejimenti. Tulilinganisha bei na soko la kimataifa la tarehe hiyo, na nyongeza ya ubora tukailinganisha na matokeo ya mnada wa Moshi ya msimu uliopita. Tulipima kama makadirio yote kwa pamoja yanaelekea upande mmoja, na kama maelezo namba 14 yanaeleza vya kutosha jinsi thamani inavyobadilika makadirio yakibadilika."*

Angalia vitu viwili. Maelezo ya kwa nini yana "mwaka huu" ndani yake. Masuala haya ni ya kipindi cha sasa, na suala likijirudia mwaka ujao, sababu yake ipimwe upya. Chule buni ikiwa haipo tena, aya hiyo haiwezi kubaki. Na kila kazi iliyotajwa inajibu ugumu fulani uliotajwa juu yake: mavuno ya baadaye kwa vitalu vya chini, mtaalamu kwa vya juu, mnada kwa nyongeza. Ukiandika kazi isiyojibu ugumu wowote uliotajwa, iondoe. Ukitaja ugumu ambao hakuna kazi iliyoujibu, simama kwanza, kwani huenda ukaguzi wenyewe haujakamilika.

Tungeweza kuongeza sentensi ya matokeo, kwa mfano kwamba makadirio ya mavuno yalikuwa ndani ya wigo wa mtaalamu wetu. Kiwango kinaruhusu. Patna aliamua tusiiweke, kwa hofu kwamba msomaji angeichukua kama muhuri juu ya namba. Mimi ningeiweka, kwa uangalifu, maana mwenye hisa anataka kujua mlifika wapi. Wakaguzi wazuri hutofautiana hapo. Wasichotofautiana ni kwamba maneno yasiache dalili kuwa suala halikumalizika. Ukiandika "hatukuweza kupata ushahidi wa kutosha kuhusu vitalu vya juu", umekwishaondoka kwenye masuala muhimu na umeingia kwenye hati yenye shaka.

Hatua ya tano: mazungumzo na kampuni

Rasimu ilipokwenda Moshi, mkurugenzi wa fedha alimpigia patna wetu.

"Dada, hili la chule buni tuliache. Wanahisa watakimbia."

"Kaka, halijatoka kwangu. Kiwango chenu cha kihasibu kinawataka muonyeshe makadirio ya mavuno mliyotumia. Mkionyesha kilo 800 upande mmoja na 1,300 upande mwingine, mwenye hisa atauliza kwa nini. Ni bora ajibiwe na nyie."

Patna alikuwa anasema kweli. Thamani inayotegemea makadirio yasiyoonekana sokoni ina masharti yake chini ya IFRS 13: kampuni ieleze makadirio hayo kwa tarakimu, na ieleze thamani inavyobadilika yakibadilika. Rasimu yao ya maelezo namba 14 ilikuwa imeandika wastani mmoja wa kilo 1,200. Waliurekebisha, wakatenganisha vitalu, wakautaja ugonjwa. Aya yetu ikawa inarejea kitu ambacho tayari kampuni imekisema.

Kwenye upangishaji hali ilikuwa kinyume, na huo ndio mtego niliousema. Kitalu kimoja kilikuwa cha kupanga, mazungumzo ya kuongeza muda yalikuwa yanaendelea, na kampuni ilikuwa haijasema lolote hadharani. Mkaguzi anatakiwa kujiepusha kuwa wa kwanza kutangaza habari za kampuni. Hiyo ni kazi ya menejimenti na bodi. Lakini kujiepusha hakumfungi mdomo. Jambo likiwa kweli ni suala muhimu, utaratibu ni kuiomba kampuni iliandike kwanza kwenye hesabu zake. Ikikataa, unaweza bado kulieleza kwa kadiri inavyohitajika. Kuliacha kabisa kunaruhusiwa pale sheria inapokataza kulitangaza, au kwa nadra mno, pale madhara yanapotarajiwa kwa busara kuzidi faida ya umma kujua, na njia hiyo ya pili haipo tena kama kampuni imekwisha kulitangaza yenyewe. Mkurugenzi kuona aibu si mojawapo ya hayo.

Kwa kitalu chetu hatukufika huko. Kilikuwa hekta chache na athari yake kwenye hesabu za mwaka huu ilikuwa ndogo. Likabaki jambo la kamati.

Yasiyoingia sehemu hii hata yakiwa mazito

Kama tungekosa ushahidi wa vitalu vya juu na tukalazimika kutoa hati yenye shaka, suala hilo lingekwenda kwenye msingi wa hati yenye shaka, si hapa. Mashaka makubwa kuhusu kampuni kuendelea na biashara nayo yana sehemu yake. Kwa asili yake yote mawili ni masuala muhimu, kwa hiyo hapa unaweka rejea tu. Mkaguzi akishindwa kabisa kutoa maoni, sehemu ya masuala muhimu haiwekwi kabisa, isipokuwa sheria inadai, kwa sababu aya zenye maelezo mazuri ya kazi zingemfanya msomaji aamini hesabu ambazo mkaguzi mwenyewe hakuweza kuzitolea maoni.

Na je, ukikosa suala hata moja? Inawezekana, kwa mfano kwa kampuni ya soko la hisa yenye shughuli kidogo sana. Unaandika kwamba umeamua hakuna. Ila kwa kampuni yenye mashamba, viwanda au mikopo, ningemrudisha kijana wangu kwenye orodha kabla ya kukubali.

Hatua ya mwisho: faili

Kabla ya saini, hakikisha faili lina mambo yote yaliyohitaji umakini mkubwa, na kwa kila moja sababu ya kuwa au kutokuwa suala muhimu. Sisi tuliandika sababu zote sita. Ya mapato ilikuwa mistari miwili: miamala michache, imejaribiwa hadi kwenye karatasi za mnada na fedha benki, hakuna maamuzi mazito. Ya mfumo mpya ilikuwa mitatu. Ya matunda ilikuwa kurasa kadhaa, pamoja na ripoti ya mtaalamu na picha za vitalu.

Halafu ukaguzi mmoja ambao watu husahau: soma aya ya ripoti ukiwa na faili mkononi, kitenzi kwa kitenzi. Rasimu yetu iliposema "tulilinganisha makadirio ya mwaka uliopita na mavuno halisi", nililifungua jalada nikakuta ulinganisho umefanywa kwa shamba zima, si kwa kitalu. Kwa jumla yalilingana, lakini kitalu kwa kitalu, vya juu vilikuwa vimekadiriwa kupita kiasi na vya chini pungufu, vikafidiana. Kazi ilirudiwa kitalu kwa kitalu siku hiyohiyo, matokeo yakaingizwa kwenye mjadala wa zile kilo 800, na menejimenti ikakubali kushuka hadi 700. Thamani ikapungua kwa milioni 60, tarakimu kwenye aya na kwenye maelezo namba 14 zikabadilishwa, kamati ikapelekewa rasimu mpya, na ripoti ikasainiwa.